Mahari ya Mke na Mahari ya Ukoo: Namna ya Kudai Haki Yako Ukiwa Moshi

Familia ya Kiislamu ya Kichaga inapokaa kwenye kikao cha posa, iwe Machame, Masama, Kibosho au Old Moshi, huwa ina mambo mawili mezani kwa siku moja. La kwanza ni la ukoo: mbuzi, blanketi la bibi, mkaja wa mama, na fedha anazopokea baba mzazi. La pili ni la dini: kile ambacho muoaji anajifunga kumpa bi harusi mwenyewe, na ambacho shekhe atakitaja kwa sauti siku ya kufunga ndoa. Yote mawili huitwa mahari, na mara nyingi huandikwa na mshenga kwenye karatasi moja ya daftari, moja chini ya jingine, bila kutenganishwa. Siku hiyo hakuna anayeona tatizo. Tatizo linajitokeza miaka kadhaa baadaye, mke anapodai chake na mume anapojibu kwa utulivu kabisa: "Mahari? Mbona nilishamaliza kwa baba yako."

Jibu hilo huwanyamazisha wanawake wengi kwa sababu lina nusu ya ukweli. Alilipa, ndiyo. Mbuzi walipanda mlimani na wakaliwa. Lakini alicholipa si kile anachodaiwa. Makala haya yanahusu namna ya kuvitenganisha viwili hivyo mbele ya watu wenye mamlaka ya kuamua, kwa sababu mwanamke akishindwa kufanya hivyo, hata msahafu na cheti cha ndoa havitamsaidia.

Tuanze na mwenye mali. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa inaelekeza mahari apewe mwanamke mwenyewe, na kwamba wengine wanaruhusiwa kuila ikiwa tu yeye ameridhia kwa moyo wake kuachia sehemu yake. Aya ya 20 ya sura hiyohiyo inamkataza mume kuchukua tena alichompa mke, hata kama kilikuwa rundo la mali, pale anapotaka kumwacha na kuoa mwingine. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayepokea mahari yake. Baba yake ni walii wa kumuozesha, si mmiliki wa mahari. Akipokea fedha hizo bila idhini ya binti, mume hajalipa deni lake. Amempa mtu asiyestahili, na anaweza kwenda kumdai huyo aliyempa.

Ninajua maneno hayo yakisemwa sebuleni Kalali au Uru yatasikika kama utovu wa adabu. Binti gani atasimama mbele ya baba yake amwambie arudishe? Ushauri wangu ni kwamba mara nyingi hahitaji kufanya hivyo. Alichopokea baba kwa jina la mila kibaki kwa baba. Binti adai kile kilichotajwa kwa jina lake kwenye akdi, na baba ndiye awe shahidi wake wa kwanza kwamba fedha za ukoo zilikuwa kitu kingine. Mzee aliyehakikishiwa kwamba hadaiwi hata mbuzi mmoja huwa shahidi mzuri sana.

Tofauti ya viwili hivi si ya heshima tu, kwa kuwa vinafuata njia tofauti ndoa inapovunjika. Mahari ya ukoo, kwa mila, inaweza kuzua mjadala wa kurudishwa, hasa ikisemwa kwamba mke ndiye mkosaji. Mahari ya mke katika Uislamu hairudi kwa sababu ya ugomvi. Wanandoa wakishakutana kimwili, au mmoja wao akifariki, mahari yote inakuwa imethibiti. Wakiachana kabla ya kukutana na kiasi kilikuwa kimetajwa, mke anastahili nusu. Kama hakikutajwa kiasi chochote, ndoa ni sahihi vilevile, ila baada ya kukutana mke anastahili mahari ya mfano, yaani kiwango wanachoolewa nacho dada zake, shangazi zake na wanawake wa hali yake. Kwa hiyo mume anayesema "hatukutaja kitu" hajajiokoa. Amebadilisha tu namna ya kukipata kiasi anachodaiwa.

Sheria ya nchi nayo haimpi mwanya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama desturi za mahari na zawadi hazikutimizwa. Wapo wanaume wanaokisoma kifungu hicho kana kwamba mahari imefutwa. Hapana. Kinachosemwa ni kwamba uhalali wa ndoa hautegemei mahari. Deni lenyewe halikuguswa. Na kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa uwezo uleule alio nao mwanamume wa kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Mke anaweza kumdai mumewe mahakamani kwa jina lake mwenyewe, bila walii wala kaka wa kumsindikiza.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni mfano wa kufundishia tu, lakini hakuna kilichomo ambacho ni kigeni kwa watu wa huku.

Mwanamke wa Masama aliolewa mwaka 2016. Kwenye posa, baba yake alipokea shilingi 800,000, mbuzi wawili na blanketi la bibi. Siku ya akdi, shekhe alitaja mahari ya bi harusi: shilingi 1,500,000 na dhahabu gramu 10. Palepale mume alitoa 400,000. Zilizobaki pamoja na dhahabu akaahidi ndani ya miaka miwili. Miaka miwili ikapita kimya. Mwaka 2021 mume akamtumia 300,000 kwa simu, na ujumbe wa maandishi kwamba hizo ni za mahari, nyingine zinakuja. Mwaka 2024 akamwandikia ujumbe mwingine, huu wa talaka, akahamia mjini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kutoka 1,500,000 toa 400,000 za siku ya akdi na 300,000 za mwaka 2021; zinabaki 800,000. Ongeza dhahabu gramu 10 ambazo hazijaguswa. Zile 800,000 za baba haziingii humu, ingawa kiasi kinafanana. Na ni kufanana kwa namna hiyo ndiko mume atakakokutumia kumchanganya hakimu.

Kazi ya kwanza ya mama huyu ni ushahidi, kabla hajaenda kwa mtu yeyote. Atafute cheti cha ndoa na aone kama mahari imeandikwa, kiasi gani, na imeandikwa kuwa imelipwa au inadaiwa. Hapa ndipo penye hatari: vyeti vingine hujazwa haraka kwa neno moja tu, "imelipwa", kwa sababu mwandishi alisikia kwamba fedha zimetolewa. Cheti kikisema hivyo si mwisho wa mambo, lakini mzigo wake utakuwa mzito zaidi. Aende kwa imamu aliyefungisha ndoa aombe kuona daftari la msikiti. Awatafute mashahidi wawili wa akdi wakiwa bado hai na kumbukumbu zao hazijachoka. Kama kuna video ya harusi, sehemu ile ambayo watu wengi huiruka ndiyo anayoihitaji: sauti ya shekhe akitaja mahari na muoaji akikubali.

Kisha ile fedha ya simu. Ujumbe wa mwaka 2021 una thamani kuliko zile 300,000 zenyewe, kwa sababu ndani yake mume amekiri kuwa deni lipo na halijaisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Asiishie kupiga picha ya kioo. Aombe kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala ya tarehe ile, na simu yenyewe aitunze na ujumbe ukiwa ndani. Nimesikia wengi wakifuta ujumbe wa waume zao kwa hasira siku ya kuachwa. Hasira ni haki yao, ila kufuta huko kunamnufaisha mdaiwa.

Ujumbe huo una faida nyingine. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana muda wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Deni la mama huyu lilifikia siku yake mwaka 2018, na mume aliyeshauriwa vizuri atahesabu hadi 2024 kisha aseme muda umekwisha. Lakini sheria hiyohiyo inasema mdaiwa akilipa sehemu ya deni au akilikiri kwa maandishi kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya kutoka siku hiyo. Malipo ya 2021 yamemwongezea mke miaka. Ndiyo maana mwanamke anayeishi vizuri na mumewe, na hataki kumpeleka popote, bado afanye jambo moja dogo: mara kwa mara amwombe aandike, hata kwa ujumbe wa simu, ni kiasi gani cha mahari kimebaki.

Kazi ya pili ni kudai kwa maandishi. Barua ya nusu ukurasa inatosha: tarehe ya ndoa na mahali, mahari iliyotajwa, kilicholipwa na lini, kilichobaki, na siku 14 au 30 za kulipa. Atoe nakala, na mume au mtu mzima wa nyumbani kwake asaini kupokea. Barua isiingize mambo ya nyumba ndogo, matusi ya mawifi wala ada ya watoto, hata kama yote ni kweli. Akichanganya, mume atajibu lile lililo jepesi kujibu na mahari itapotea katikati.

Msikiti na Bakwata vinaingia hapa. Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, lina masheikh wa kata, wilaya na mkoa, na lina makadhi wake. Waume wengi hulipa baada ya kuitwa mbele ya shekhe wanayemheshimu, na malipo ya namna hii hayana gharama za mahakama. Nenda huko kwanza kama mume ni mtu anayejali sura yake msikitini. Lakini ujue mpaka wake. Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi ya dola. Zanzibar wanazo mahakama za kadhi, na Kenya zimewekwa kwenye kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Mke wa Mombasa au wa Unguja anafungua madai ya mahari mbele ya kadhi na kupata amri inayokaziwa kwa nguvu ya serikali. Mke wa Moshi akipewa uamuzi na kadhi wa Bakwata ana karatasi ya usuluhishi. Mume akiipuuza, hakuna dalali atakayekwenda kukamata kitu. Kwa hiyo ombi lake kwa shekhe liwe na shabaha: mume akikiri deni, kukiri huko kuandikwe, kutiwe saini na mashahidi, na tarehe za malipo zitajwe. Karatasi hiyo ndiyo atakayoingia nayo mahakamani ikibidi.

Mahakama yenyewe ni ile ya mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kusikiliza madai yanayoongozwa na sheria ya Kiislamu, na kesi zake huendeshwa kwa Kiswahili. Mama wa Masama hahitaji wakili ili kufungua shauri. Anaweza kueleza madai yake kwa mdomo yakaandikwa, au akapeleka maelezo aliyoandika mwenyewe. Kwa wasioweza hata hivyo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na mjini Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake wa Kilimanjaro katika mambo ya sheria tangu miaka ya 1980.

Mbele ya hakimu, madai yake yawe na mstari wake peke yake: "Ninadai mahari yangu iliyobaki, shilingi 800,000 na dhahabu gramu 10 au thamani yake ya leo." Mume akisema alishalipa, ni yeye aliyedai kulipa ndiye anayepaswa kuonyesha malipo: kwa nani, lini, mbele ya nani. Akimtaja baba mkwe, baba mkwe aitwe. Mzee akieleza kwamba 800,000 na mbuzi vilikuwa vya posa, na kwamba wiki kadhaa baadaye alimsikia shekhe akitaja 1,500,000 na dhahabu kwa ajili ya binti, hoja ya mume inakuwa imekufa.

Swali linaloulizwa sana ni kama lazima ndoa ivunjwe kwanza. Si lazima. Mahari ambayo siku yake imefika inadaiwa ndani ya ndoa kama deni lolote lile. Fiqhi ya Kishafi inakwenda mbali zaidi: bi harusi ambaye mahari yake ya papo hapo haijalipwa ana haki ya kukataa kukutana na mume mpaka alipwe, na kukataa huko hakumfanyi kuwa mkaidi. Ila akishakutana naye kwa ridhaa, silaha hiyo imekwisha, deni limebaki.

Lakini kama talaka imeshaingia, kama kwa mama wetu, kuna utaratibu ambao ukirukwa unachelewesha kila kitu. Ujumbe wa simu wa talaka unaweza kuwa na uzito kwa shekhe, ila kwa sheria ya nchi ndoa inavunjwa na mahakama. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la jumuiya ya dini lililotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo isiwe na zaidi ya miezi sita siku ya kufungua shauri. Kwa ndoa za Kiislamu, kifungu cha 107(3) kinasema talaka iliyotolewa baada ya hati hiyo itaifanya mahakama ione kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri. Angalia mpangilio: baraza, hati, talaka, kisha mahakama. Talaka iliyotangulia baraza haitoshi chini ya kifungu hicho.

Katika shauri hilo la talaka, mke aombe vitu vyake kimoja kimoja, kila kimoja na jina lake. Mahari ni deni. Mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja ni jambo lingine, chini ya kifungu cha 114, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali hiyo. Matunzo ya watoto ni jambo la tatu. Ukisikia mtu anasema "tumpe kitu kidogo cha kumtoa nyumbani, na mahari iwe humohumo", kataa. Kupata sehemu ya nyumba hakufuti 800,000 za mahari.

Niongeze tahadhari kuhusu khului, kwa sababu ndipo haki nyingi zinapoyeyuka bila mahakama kujua. Khului ni pale mke anapojivua kwenye ndoa kwa kurudisha mahari au kusamehe kile alichokuwa akidai. Ni njia halali, na kwa mwanamke asiye na malalamiko dhidi ya mumewe ila moyo umekataa, ni ya haki. Shida ni mume anayetaka kuacha lakini hataki kulipa. Anahama, anakata matumizi, anakaa kimya miezi mingi mpaka mke achoke na aende mwenyewe kuomba kuachwa. Hapo anaambiwa: sawa, ila uache mahari yako. Mke aliyetelekezwa au kupigwa hana sababu ya kununua uhuru wake. Anaweza kuiomba mahakama ivunje ndoa kwa sababu ya ukatili au kutelekezwa, na amri ya namna hiyo si khului, wala haimwondolei mahari ambayo ilishathibiti. Kwa hiyo, dada, ukiletewa karatasi ya kusaini msikitini au ofisini, isome yote. Ukikuta neno khului, au maneno kwamba umesamehe mahari, weka kalamu chini, omba nakala, nenda nayo nyumbani.

Hali ya mjane ni tofauti, na kwa maoni yangu ni rahisi kisheria na ngumu kijamii. Mume akifariki bila kumaliza mahari, kilichobaki ni deni la marehemu na kinalipwa kabla ya kugawa mirathi. Tuseme mali iliyoachwa baada ya mazishi ni shilingi 8,000,000, na mahari inayodaiwa ni 800,000. Kwanza 800,000 zinatoka kwenda kwa mjane. Zinabaki 7,200,000. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu la mke ni moja ya nane, yaani 900,000. Mjane anaondoka na 1,700,000. Shemeji akimwambia achague kati ya mahari na urithi, anamdhulumu kimojawapo.

Huku mlimani kila kitu cha mirathi huanzia kwenye kikao cha ukoo kinachomteua msimamizi, na muhtasari wa kikao hicho ndio unaopelekwa mahakamani. Mjane asimamie jambo moja katika kikao hicho, hata kama hatasema lingine: mahari yake iandikwe kwenye muhtasari, kwenye sehemu ya madeni, kwa kiasi chake. Ni vigumu kusema hivyo akiwa kwenye eda na mashemeji wamekaa duara, kwa hiyo amtume kaka yake au mjomba aseme kwa niaba yake. Ikiachwa nje, bado ana nafasi. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni. Mjane aende kwa karani wa mahakama aombe kuiona, na kama jina lake halimo kwenye madeni, apeleke pingamizi lake kwa maandishi kabla mgawanyo haujafanyika. Baada ya mali kugawanywa kwa ndugu saba, kuikusanya tena ni kazi ya miaka.

Nimalizie na ambao bado hawajaolewa, au wenye binti anayeposwa mwezi huu, maana wao wanaweza kuepuka karibu yote niliyoeleza. Omba karatasi mbili. Moja ni ya ukoo, iandikwe mbuzi, blanketi na fedha za wazee, na juu yake isomeke wazi kuwa ni vya posa na mila. Ya pili ni ya mahari ya bi harusi, isainiwe na muoaji, bi harusi, walii na mashahidi wawili, na nakala abaki nayo bi harusi, si mama mkwe. Iandikwe kiasi chote, kilicholipwa siku ya akdi, kilichobaki, na tarehe ya kulipa. Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mahari iliyotajwa bila muda wowote inadaiwa papo hapo. Iliyoahirishwa "mpaka atakapopata" inaleta ubishi mkubwa, kwani kwa Mashafi muda usiojulikana unaharibu kiasi kilichotajwa na mke anarudishwa kwenye mahari ya mfano, ambayo inaweza kuwa ndogo kuliko aliyoahidiwa.

Kama sehemu kubwa inaahirishwa, ningependelea itajwe kwa dhahabu kuliko shilingi. Deni la shilingi hulipwa kwa idadi ileile, na shilingi milioni moja ya leo haitanunua baada ya miaka 15 kile inachonunua leo. Andika gramu na karati, kwa mfano gramu 10 za karati 21. "Seti ya dhahabu" bila uzito ni ahadi ambayo sonara yeyote anaweza kuitimiza kwa waya mwembamba.

Na kihamba. Wapo vijana wanaotaka kuonyesha mapenzi kwa kuahidi kipande cha kihamba kama mahari. Ninawaheshimu, lakini kihamba ni mahali walipozikwa babu zake, na ndugu zake wataona mgomba ukihama ukoo. Kisheria mwanamke anaweza kupewa ardhi ya kijiji; Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua kwa haki sawa na mwanamume. Ila ahadi ya msikitini peke yake haihamishi ardhi. Uhamisho unahitaji kupita kwenye halmashauri ya kijiji, na kijana asiye na kihamba chake bado, anayelima kwa ruhusa ya baba yake, hana cha kuhamisha. Zaidi ya hapo, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka juu ya madai ya umiliki wa ardhi, hivyo mke atajikuta kwenye mabaraza ya ardhi, akibishana na ukoo mzima badala ya mume mmoja. Ikiwa lazima kiwe kihamba, basi mipaka ipimwe kabla ya ndoa, baba na kaka za muoaji wasaini, halmashauri ya kijiji ikae na kuidhinisha, na kwenye karatasi ya mahari iongezwe sentensi moja kwamba uhamisho ukishindikana, mume atalipa kiasi fulani cha fedha au dhahabu badala yake.